Shajara ya mradi: gundi na grauti, sebule na bafu, Dodoma

Jumatatu. Vipimo kabla ya kwenda dukani

Nyumba hii ya vyumba vitatu imekamilika lipu na dari. Mama mwenye nyumba ameshanunua marumaru, na anataka orodha ya gundi na ya grauti, ule unga wa kujazia mistari kati ya marumaru, aagize yote kwa gari moja. Dukani walishampa kanuni yao: mfuko mmoja wa kilo 20 wa gundi unakula mita nne za mraba, na kilo moja ya grauti inakula mita tano. Kanuni hiyo haiulizi marumaru ina ukubwa gani, sakafu ikoje, wala fundi anatumia mwiko gani. Kwa hiyo nimeanza upya kwa rula na mizani.

Leo ni kupima tu. Sebule ni mita 5.4 kwa 4.2, yaani mita za mraba 22.68. Marumaru yake ni poseleni ya milimita 600 kwa 600, unene 9, na tutaacha nafasi ya milimita 3 kati ya moja na nyingine. Sehemu ya kuogea ndani ya bafu ni ndogo, mita 1.2 kwa 0.9, yaani 1.08 za mraba. Mama amechagua mozeiki ya vipande vya milimita 25 kwa 25, unene 5, vilivyobandikwa kwenye wavu, na nafasi kati ya vipande ni milimita 2. Chaguo zuri kwa pale, maana vipande vidogo vinafuata mteremko wa kwenda kwenye tundu la maji bila kukata pembe, na mistari mingi inasaidia mguu usiteleze.

Unene nimeupima mwenyewe pembeni mwa marumaru, sikutegemea maandishi ya boksi peke yake. Nafasi inayojazwa na grauti ina kina kinacholingana na unene huo, hivyo milimita moja ya kosa hapa inaonekana moja kwa moja kwenye hesabu.

Jumanne. Hesabu ya grauti

Fundi aliponiona na daftari aliniuliza, "Injinia, sebule kubwa hivi, grauti si itakuwa ndoo nzima?" Nikamwambia tuhesabu mistari kwanza, ukubwa wa chumba tutauzidisha baadaye.

Hoja yenyewe ni hii. Grauti haikai juu ya marumaru, inakaa kwenye mistari. Ukijua mita moja ya mraba ina mistari ya urefu gani, ukazidisha kwa upana wa nafasi na kina chake, umepata ujazo. Marumaru ya milimita 600 ina mstari mmoja kila mita 0.6 kwa upande mmoja na mmoja kila mita 0.6 kwa upande wa pili. Katika mita moja ya mraba hiyo ni mita 1.67 za mistari ya urefu na 1.67 za mistari ya upana, jumla mita 3.33. Zidisha kwa upana wa mita 0.003 na kina cha mita 0.009, unapata mita za ujazo 0.00009, ambayo ni lita 0.09. Chini ya nusu ya glasi kwa mita nzima ya mraba!

Ndiyo hesabu hiyohiyo iliyofichwa ndani ya fomula inayochapishwa kwenye karatasi za maelezo za watengenezaji:

```
kg kwa m2 = (A + B) / (A x B) x C x D x k
```

A na B ni urefu na upana wa marumaru, C ni unene, D ni upana wa nafasi, vyote kwa milimita. Herufi k ni kilo za unga mkavu zinazohitajika kujaza lita moja ya nafasi. Karatasi nyingi huweka 1.6, au namba iliyo karibu nayo.

Sikutaka kuichukua namba ya k bila kuiona, kwa hiyo nimekoroga kidogo. Gramu 500 za unga na mililita 135 za maji, kadiri mfuko unavyoagiza, nikaacha itulie dakika tano kisha nikakoroga tena. Kikombe cha mililita 100 kilichojazwa na kugongwagongwa ili hewa itoke kimepima gramu 199 bila uzito wa kikombe. Maji ni asilimia 27 ya uzito wa unga, hivyo unga uliomo ni 199 kugawanya kwa 1.27, gramu 157 hivi. Lita moja ingebeba kilo 1.57. Nitatumia 1.6 bila wasiwasi. Yeyote mwenye mizani ya jikoni anaweza kufanya jaribio hili, na linafaa zaidi ukipewa grauti ambayo karatasi yake ya maelezo haipo.

Sasa sebule: lita 0.09 mara 1.6 ni kilo 0.144 kwa mita ya mraba. Mara 22.68 ni kilo 3.27. Fundi akaniangalia. Kwa kanuni ya dukani tungenunua kilo tano, na yeye alikuwa anafikiria ndoo.

Halafu bafu. Mozeiki ya milimita 25 ina mstari kila milimita 25, kwa hiyo mita ya mraba inabeba mita 80 za mistari. Themanini, dhidi ya tatu na kitu za sebuleni. Zidisha kwa kina cha milimita 5, upana wa 2 na 1.6, unapata kilo 1.28 kwa mita ya mraba. Ni mara tisa ya sebule, kasoro kidogo, ingawa nafasi zake ni nyembamba zaidi na vipande vyenyewe ni vyembamba zaidi. Kwa eneo la 1.08 hiyo ni kilo 1.38. Kipembe cha kuogea peke yake kinakula zaidi ya theluthi ya grauti ya sebule nzima.

Hapa kuna jambo ambalo fomula hailisemi. Inahesabu kana kwamba marumaru zimejaza mita nzima, kisha mistari ikaongezwa juu yake. Ukweli ni kwamba mistari nayo inachukua sehemu ya mita hiyo. Kwa marumaru kubwa tofauti haionekani. Kwa mozeiki inaonekana: kila kipande pamoja na nafasi yake kinachukua milimita 27 kwa 27, yaani 729 za mraba, na 625 kati ya hizo ni kipande chenyewe. Zinazobaki, 104, ni nafasi, sawa na asilimia 14.3 ya eneo. Zidisha kwa kina cha milimita 5 na 1.6, unapata kilo 1.14 kwa mita ya mraba, chini ya 1.28. Fomula imezidisha kwa asilimia 12 hivi. Kwa mozeiki basi siongezi tena asilimia ya upotevu juu ya jibu la fomula, imo tayari. Kwa marumaru kubwa naongeza asilimia 10 hadi 15, kwa sababu ya ile inayobaki kwenye raba ya kusukumia, inayooshwa na sponji na inayokauka ndani ya ndoo.

Orodha ya grauti: sebule kilo 3.7, bafu kilo 1.4. Mama anazo rangi mbili tofauti, kwa hiyo haziwezi kuchangiana. Nimeandika pakiti mbili za kilo mbili kwa sebule, na pakiti moja ya kilo mbili kwa bafu, ya daraja la CG2 iliyoandikwa W, ambayo inanyonya maji kidogo. Pakiti za rangi moja lazima ziwe na namba moja ya uzalishaji, la sivyo nusu ya sebule itakuwa kijivu na nusu kijivu-kahawia.

Kabla ya kufunga daftari, fundi alipendekeza nafasi ya milimita 5 sebuleni kwa kuwa inasamehe zaidi marumaru zisizolingana. Tumepima marumaru kadhaa kutoka maboksi tofauti na zimetofautiana chini ya milimita moja, hivyo 3 inatosha. Kwa 5 grauti ingepanda hadi kilo 0.24 kwa mita, jumla 5.4 kabla ya upotevu. Upana ukipanda, grauti inapanda kwa uwiano uleule.

Jumatano. Sakafu, na hesabu ya gundi

Kwa gundi, ukubwa wa marumaru hauingii kwenye hesabu moja kwa moja. Unachoamua ni mwiko wenye meno ya ukubwa gani utumike, na meno hayo ndiyo yanayoamua kilo.

Mwiko wa meno ya mraba ya milimita 10 una meno ya upana wa 10 na mapengo ya upana wa 10. Ukiuburuta umesimama wima kabisa, unaacha matuta yenye kimo cha milimita 10 na mifereji mitupu ya upana huohuo. Marumaru ikigandamizwa, matuta yanalala na kujaza mifereji, na unene unaobaki ni nusu ya kimo: milimita 5. Lakini hakuna anayeushika mwiko wima. Ukiinamishwa, kimo cha tuta kinapungua kwa sini ya pembe. Kwa nyuzi 60 tuta lina milimita 8.7 na tabaka linabaki 4.3. Kwa nyuzi 45 tuta ni 7.1 na tabaka ni 3.5. Fundi mmoja na mwenzake, mwiko uleule, gundi ileile, wanaweza kutofautiana kwa karibu moja ya tano ya matumizi kwa sababu ya mkono tu.

Gundi nayo nimeipima kama nilivyoipima grauti. Kilo moja ya unga na mililita 260 za maji. Chombo cha lita moja kimebeba kilo 1.54 za mchanganyiko. Gawanya kwa 1.26, unga ni kilo 1.22. Kwa kuwa milimita moja ya unene juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, hiyo ina maana ya kilo 1.2 za unga kwa kila milimita. Namba hii ni rahisi kuikumbuka kuliko jedwali lolote la mfukoni.

Sebule basi: tabaka la 4.3 mara 1.2 ni kilo 5.2 kwa mita ya mraba. Marumaru ya milimita 600 inahitaji pia kupakwa mgongo, tabaka jembamba la kukwangua kwa upande bapa wa mwiko, ili unga wa kiwandani ulioganda nyuma ufunikwe na vile vichirizi vya mgongoni vijazwe. Hiyo inaongeza kama kilo moja. Jumla 6.2. Zidisha kwa 22.68, ni kilo 141. Ongeza asilimia saba hivi ya upotevu, ni 150. Skatingi itachukua kilo sita nyingine. Mifuko minane ya kilo 20. Kanuni ya dukani ingetupa sita, na tungesimama tukiwa na robo ya chumba mkononi.

Mozeiki inakwenda kinyume. Inataka meno ya milimita 4, tabaka la 1.7 hivi, kilo 2.1 kwa mita. Gundi ikiwa nene zaidi ya hapo inapanda kati ya vipande na kuziba nafasi ambazo grauti inapaswa kukaa. Kwa hiyo chumba chenye grauti nyingi kwa mita ndicho chenye gundi kidogo, na kinyume chake. Nimeona maoda mengi yakiharibika kwa kudhani vitu hivi viwili vinapanda na kushuka pamoja.

Lakini hesabu yote ya gundi inadhani sakafu ni bapa, na leo tumelaza rula ya aluminiamu ya mita mbili juu ya skridi, yaani tabaka la juu la sakafu. Kiwango ninachokifuata ni mwanya usiozidi milimita 3 chini ya rula hiyo. Sehemu kubwa imepita. Katikati, kuelekea mlango wa nyuma, kuna bonde la mita 3 kwa 2. Tumepima mwanya kila nusu mita kwa kabari ya mbao yenye alama: kina kikubwa ni milimita 9, wastani ni 4.

Fundi alisema, "Hapo si tunaongeza gundi tu, Injinia? Inajaza yenyewe."

Hesabu yake ni rahisi: mita 6 za mraba mara milimita 4 ni lita 24, mara 1.2 ni kilo 29. Mfuko mmoja na nusu unazama ardhini ambao haumo kwenye orodha yoyote. Hapa ndipo gundi hukosekana kwenye nyumba nyingi, na lawama humwendea muuza duka au kijana wa kukoroga. Ila kilo siyo shida kubwa kuliko zote. Tabaka nene la gundi linasinyaa linapokauka, na linasinyaa zaidi pale lilipo nene zaidi. Marumaru uliyoiacha usawa mmoja na jirani yake jioni, kesho yake kona moja imezama na kidole cha mguu kinaijua. Mfuko wenyewe huandika unene wa juu unaoruhusiwa, na ni wa kuheshimiwa.

Tumeamua kusawazisha bonde kwa kompaundi ya kusawazisha. Kwa uzito haina nafuu, itakwenda kama kilo 40 kwa sababu unga wake ni mzito zaidi kwa lita. Sikutaka mchanga na simenti ya kawaida, kwa kuwa kwenye kingo ambapo unene unaishia sifuri ungemeguka kama ganda. Skridi imekwanguliwa, ikafagiwa vumbi, ikapakwa praima, na kompaundi imemwagwa alasiri hii.

Ijumaa. Mita ya kwanza

Kompaundi imekauka, rula inakaa bila mwanya wa kutisha. Gundi imeletwa, daraja C2TE, na tumeanza kwa marumaru nne tu. Marumaru nne za 600 ni mita za mraba 1.44, eneo rahisi kupimia matumizi. Ndoo imepimwa kabla na itapimwa baada.

Fundi alianza kwa mkono wake wa kila siku, mwiko umelala sana na matuta yanazunguka nusu duara kama maganda ya samaki. Nilisimamisha rula ndogo pembeni ya tuta: milimita 6. Tukalaza marumaru, akaigonga kwa nyundo ya mpira, kisha nikamwomba tuiinue kabla haijashika. Nyuma yake gundi ilikuwa imeshika katikati vizuri, lakini kwenye kona mbili matuta yalikuwa bado yamesimama na kati yake mifereji mikavu yenye vumbi jeupe la kiwandani. Kwa jicho, mgusano ulikuwa theluthi mbili. Kwa sakafu ya ndani iliyo kavu, kiwango cha Kimarekani cha ANSI A108.5 kinataka asilimia 80 kwa uchache, na 95 mahali penye maji. Kona zisizoshika ndizo zitakazolia kama debe tupu na kupasuka mguu wa kabati ukizikanyaga.

Ukichukulia tuta la milimita 6, tabaka ni 3, na matumizi ni kilo 3.6 kwa mita. Mtu angefurahi kuona mifuko inabaki. Kumbe kilichobaki kwenye mfuko ndicho kilichokosekana chini ya kona.

Tulibadilisha vitu viwili. Mwiko umeinuliwa hadi nyuzi 60, na matuta yanakwenda mistari iliyonyooka upande mmoja tu. Marumaru inalazwa kisha inasukumwa mbele na nyuma kidogo, ikikata matuta kwa upande, ili hewa itoke kwa kupitia mifereji. Matuta ya nusu duara hayana mlango wa kutokea hewa, inabaki imefungiwa katikati. Na mgongo ukapakwa. Tulipoinua tena, sehemu yote ya nyuma ilikuwa kijivu hadi kwenye kona. Fundi aliigeuza mara mbili mkononi, akasema tu, "Sawa, hivi hivi."

Mizani: mchanganyiko uliotumika kwa marumaru nne ni kilo 11.1. Gawanya kwa 1.26, unga ni kilo 8.8. Gawanya kwa 1.44, ni kilo 6.1 kwa mita ya mraba. Hesabu ya mezani ilisema 6.2.

Jambo la hapa Dodoma ni upepo. Dirisha likiwa wazi, gundi iliyotandazwa inaota ngozi juu haraka kuliko muda ulioandikwa mfukoni, ambao umepimwa maabara penye hewa tulivu. Tunaijaribu kwa kidole: kikitoka kisafi, gundi imeota ngozi na inakwanguliwa na kutupwa. Kila kiraka kinachotupwa ni kilo zinazohama kutoka kwenye sakafu kwenda kwenye takataka, kwa hiyo tunatandaza eneo la marumaru mbili kwa wakati na tumefunga dirisha la upande wa upepo. Hakuna kuongeza maji kwenye ndoo iliyoanza kukaza. Inalainika, ndiyo, lakini nguvu yake hairudi.

Jumanne iliyofuata. Sebule imelazwa

Marumaru zote zimekaa isipokuwa vipande vya kukata vya mlangoni. Pembeni mwa kuta tumeacha mwanya wa milimita 6 ambao skatingi itaufunika. Mwanya huo haujazwi gundi wala grauti, ni wa sakafu kupumua inapopata joto, kwa hiyo haumo kwenye hesabu yoyote.

Kila jioni vijana wamekuwa wakikwangua gundi iliyopanda kati ya marumaru kabla haijakaza, ili angalau theluthi mbili za kina zibaki wazi. Ikiachwa, grauti itakuwa ngozi ya milimita mbili juu ya gundi, itabadilika rangi mahali hapo na baadaye kubanduka. Ni kazi ya kuchosha magoti, lakini kesho yake inahitaji patasi.

Alhamisi. Grauti, na mizani ya mwisho

Tumeanza sebule asubuhi kabla ya jua kuingia mlangoni. Grauti imekorogwa kwa kilo moja moja, maji yakipimwa kwa chupa yenye alama. Maji yakizidi grauti inakuwa rahisi kusukuma, ila ikikauka inaacha nywele za nyufa na madoa meupe, na ujazo wake unashuka ndani ya nafasi kiasi cha kuhitaji mkono wa pili. Raba inasukumwa kwa mshazari, si sambamba na mistari, ili isichote kilichoingia.

Sebule imekula kilo 3.4. Hesabu bila upotevu ilikuwa 3.27, na orodha ilikuwa 3.7. Nadhani upotevu wa kweli ulikuwa kama tulivyokadiria, ila kiasi fulani cha kina kilikuwa kimeshachukuliwa na gundi iliyobaki chini. Vitu viwili vinavyovutana hivyo huleta namba nzuri, na sipendi kuitegemea bahati hiyo. Oda inayofuata itabaki na asilimia zake.

Bafu, mchana. Mozeiki imekula kilo 1.2, dhidi ya 1.38 za fomula na 1.23 za hesabu ya pili. Mama alikuja kutazama wakati tunafuta kwa sponji. Akauliza, "Mwanangu, mbona hiki kipande kidogo kimekula pakiti yake peke yake?" Nikamwonyesha: shika vidole viwili, tembea na mstari mmoja wa mozeiki kutoka ukutani hadi tundu la maji, halafu hesabu mistari ya pembeni. Akahesabu kidogo, akainuka akicheka, akasema basi afadhali hatukuweka mozeiki bafu zima. Bafu zima, pamoja na kuta, lingekuwa na mita za mraba zipatazo 18. Kwa kilo 1.28 hiyo ingekuwa kilo 23 za grauti, na saa za kufuta ambazo hakuna anayeziweka kwenye bajeti.

Hesabu ya mifuko: gundi iliyonunuliwa ni kilo 160, na zimebaki nane hivi baada ya sebule na skatingi. Kilo mbili na ushei za bafu zilitoka kwenye mfuko tofauti wa gundi nyeupe, kwa kuwa kijivu kingeonekana kupitia vipande vyeupe vya mozeiki. Grauti ya sebule iliyobaki, gramu 600, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kipande cha pakiti chenye namba ya uzalishaji, na Mama ameiweka kabatini kwa ajili ya marekebisho.

Jumamosi. Orodha ya jikoni

Jiko ni mita 3.6 kwa 3.0, yaani 10.8. Marumaru ni 400 kwa 400, unene 8, nafasi milimita 3. Mistari ni mita 5 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo grauti ni 5 mara 8 mara 3 mara 1.6, gawanya kwa elfu moja: kilo 0.192. Kwa jiko zima ni 2.1, pamoja na upotevu 2.3. Kwa kuwa rangi ni ileile ya sebule, pakiti moja ya kilo mbili pamoja na zile gramu 600 zingetosha kwa kilo. Lakini namba ya uzalishaji haitakuwa ileile, kwa hiyo nimeandika pakiti mbili mpya za namba moja, na zile 600 zinabaki kabatini.

Gundi: mwiko wa meno ya 8, nyuzi 60, tabaka la 3.5, kilo 4.2 kwa mita. Marumaru ya 400 sitaipaka mgongo mpaka tuinue ya kwanza na kuona. Ikishika zaidi ya asilimia 80 bila kupakwa, tunaendelea hivyo. Jumla ni kilo 45, pamoja na upotevu 48. Tukitoa nane zilizobaki, mifuko miwili ingetosha kwa hesabu bila akiba hata kidogo, na jikoni kuna mirija miwili ya maji inayokata marumaru vibaya. Nimeandika mitatu. Rula ya mita mbili tumeshailaza: mwanya mkubwa ni milimita 2, kwa hiyo hakuna bonde la kujaza.